Mstari wa Nne: Kuisoma Rejista ya Vihatarishi Neno kwa Neno

"Maji kutokuwa safi na salama kwa watumiaji." Hivyo ndivyo unavyoanza mstari wa nne wa rejista ninayotaka tuisome. Safu zinazofuata zinaeleza kwamba uwezekano ni 4, athari ni 5, alama ni 20, na rangi ni nyekundu. Mmiliki wa kihatarishi ni Menejimenti. Hatua za kukipunguza zimeandikwa hivi: kuimarisha usimamizi wa ubora wa maji, kuendelea kutoa mafunzo kwa watumishi, kuhakikisha dawa zinapatikana kwa wakati, kufanya ufuatiliaji wa mara kwa mara. Muda wa utekelezaji ni "endelevu". Safu ya mwisho inatoa alama baada ya hatua hizo: uwezekano 2, athari 2, alama 4, rangi ya kijani.

Mstari huu nimeutunga kwa ajili ya makala haya, pamoja na mamlaka ndogo ya maji inayoumiliki. Mamlaka hiyo ina mto mmoja, chujio moja, tangi moja mlimani na mji chini yake. Sura ya maandishi sikuitunga. Tangu Wizara ya Fedha ya Tanzania ilipotoa mwongozo wa usimamizi wa vihatarishi kwa taasisi za umma mwaka 2012, rejista za namna hii zimekuwa sehemu ya kazi za kila mwaka katika ofisi nyingi, na yeyote aliyepitia chache ataitambua lugha hii. Kwa kawaida husomwa kwa rangi: macho yanatafuta nyekundu, yanapumzika kwenye kijani, ukurasa unafunuliwa. Mimi nataka tuusome mstari huu kama tunavyosoma ubeti, neno kwa neno, tukiuliza kila neno linafanya kazi gani.

Tuanze na kihatarishi chenyewe. "Maji kutokuwa safi na salama" ni lengo la mamlaka lililowekewa ukanushi, wala si tukio. Mamlaka ya maji ipo ili watu wapate maji safi na salama, kwa hiyo kuandika kwamba huenda wasiyapate ni kuandika tu kwamba huenda mamlaka ikashindwa kazi yake. Kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa vihatarishi, ISO 31000 cha mwaka 2018, kinakielezea kihatarishi kuwa ni athari ya kutokuwa na uhakika juu ya malengo. Maelezo hayo yana pande mbili, jambo lisilo na uhakika upande mmoja na lengo upande mwingine. Mstari wetu una lengo peke yake. Jambo lisilo na uhakika halimo.

Ukitaka kuona kilichofichwa, muulize aliyeuandika: maji yatakosaje usalama? Atakupa majibu zaidi ya moja. Atasema masika mto hushuka na tope, na maji yenye tope jingi huila klorini kabla haijaua vimelea. Atasema pia klorini huweza kuisha stoo. Atasema umeme ukikatika mabomba hukosa msukumo, na pale palipo na nyufa maji machafu ya ardhini huingia ndani. Hivyo ni vihatarishi vitatu. Kila kimoja kina chanzo chake, dawa yake na mtu wake. Vimefungwa katika sentensi moja iliyo pana kiasi kwamba hakuna hatua itakayoweza kuonekana haihusiani nayo. Mafunzo yanahusiana nayo, vikao vinahusiana nayo, hata semina ya huduma kwa wateja ingehusiana nayo. Hilo ndilo dhara kubwa la kihatarishi kisicho wazi: kinazikaribisha hatua zisizogusa kitu.

Tukichukue kimoja kati ya vitatu hivyo, klorini kuisha, tukiandike upya kwa kukipa chanzo, tukio na matokeo. Ili tuweze kufanya hivyo lazima tutoke kwenye karatasi twende stoo, kwa sababu chanzo hakipatikani kwa kufikiri mezani.

Mamlaka yetu inasukuma mita za ujazo 1,000 kwa siku. Kiangazi fundi wa maabara huweka gramu 2 za klorini kwa kila mita ya ujazo, yaani kilo 2 kwa siku. Lakini klorini haiji ikiwa safi. Huja kama unga wa kalsiamu hipokloriti wenye klorini ya takribani asilimia 65, hivyo kilo 2 za klorini ni kilo 3 za unga na ushei. Pipa la kilo 45 linakwenda wiki mbili. Utaratibu wa stoo unasema mapipa yakibaki matatu, mtunza stoo apeleke ombi la kununua, na ununuzi wenyewe, kuanzia ombi hadi pipa kushushwa getini, huchukua siku 30. Mapipa matatu yanatosha siku 44. Hesabu inakaa sawa, na kila mwaka kiangazi hupita salama.

Masika ikiingia, fundi analazimika kuongeza kipimo hadi gramu 4 kwa sababu tope linaila dawa. Matumizi yanakuwa maradufu, na mapipa yaleyale matatu sasa yanatosha siku 22. Ununuzi bado ni siku 30. Kuna siku nane hapo ambazo mji utakunywa maji ya mto yaliyopita kwenye chujio tu. Siku hizo nane hazimo katika rejista, na hakuna mzembe wa kulaumiwa kwa ajili yake. Mtunza stoo ameagiza mapipa yalipobaki matatu kama alivyoelekezwa, Afisa Ugavi ameshughulikia ombi ndani ya muda wake wa kawaida, na fundi ameweka kipimo sahihi. Kila mmoja ametimiza wajibu wake na klorini imeisha.

Sasa tunaweza kuandika: "Kwa kuwa kiwango cha kuagiza klorini hakibadiliki kati ya kiangazi na masika ilhali matumizi huongezeka maradufu, kuna uwezekano akiba ikaisha kabla mzigo mpya haujafika, mabaki ya klorini kwenye mabomba ya mwisho yakashuka chini ya miligramu 0.2 kwa lita, na wateja wakaugua magonjwa ya tumbo." Ni sentensi ndefu, na safu ya rejista itapanuka kuipokea. Lakini itazame inavyokaa. Sehemu ya kwanza inaweza kuthibitishwa au kukanushwa leo kwa kufungua leja ya stoo. Ya pili ina wakati. Ya tatu ina namba ambayo Shirika la Afya Duniani linaitaja kuwa kiwango cha chini cha mabaki ya klorini maji yanapomfikia mtumiaji. Mkaguzi wa ndani akiisoma atajua aende wapi na apime nini. Akiusoma ule mstari wa mwanzo atajua tu kwamba menejimenti inayapenda maji safi.

Twende kwenye safu ya mmiliki. "Menejimenti" si mtu. Rejista nyingi zina maneno ya kundi hilo: wakuu wa idara wote, wadau, kamati husika. Ukitaka kujua kama jina la mmiliki lina maana, jaribu kulitungia sentensi ya kikao cha robo mwaka: "Naomba Menejimenti isimame itueleze mapipa yaliyopo." Hakuna atakayesimama, au watasimama sita na kila mmoja ataeleza kipande chake.

Mamlaka zinazojitahidi huondoa neno hilo na kuweka cheo, na hapo kosa lingine hujificha, gumu zaidi kulibaini. Katika kihatarishi cha klorini cheo kinachokuja haraka kichwani ni fundi wa maabara, kwa kuwa yeye ndiye anayeishika dawa kila siku. Lakini fundi wa maabara hana mamlaka ya kubadili kiwango cha kuagiza, hana kifungu cha bajeti, na ombi la ununuzi haliwezi kuidhinishwa kwa saini yake. Kumpa umiliki ni kumbebesha lawama za jambo asiloweza kulizuia. Mtunza stoo naye yuko hivyohivyo. Ukifuata njia ya uamuzi, yaani nani anaweza kesho asubuhi kusema "kuanzia Januari tunaagiza mapipa yakibaki sita" na ikawa, unafika kwa Meneja wa Ufundi, mwenye bajeti ya dawa za kutibu maji. Yeye ndiye mmiliki. Fundi na mtunza stoo wanabaki watekelezaji wa hatua, kila mmoja na safu yake na tarehe yake. Rejista isiyotenganisha mwenye kihatarishi na mtendaji wa hatua hulazimika kuchagua mmoja, na mara nyingi humchagua mdogo.

Umiliki una kasoro nyingine niitaje kwa kifupi: kumwandika mtu wa nje. Kihatarishi cha umeme kukatika hupewa shirika la umeme, kana kwamba kwa kuwa chanzo kiko kwao basi na kihatarishi ni chao. Umeme wao ukikatika, bomba linalokauka ni lako. Kihatarishi ni cha yule ambaye lengo lake linaumia.

Sasa hatua zenyewe, na hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo rejista hupoteza thamani yake huku ikizidi kupendeza. Soma tena: kuimarisha, kuendelea, kuhakikisha, kufanya. Vyote vinne ni vitenzi visivyo na nafsi wala wakati. Mwandishi angesema "Meneja wa Ufundi ataimarisha", Kiswahili kingemlazimisha kutaja mtenda na wakati ndani ya neno lenyewe. Kwa "kuimarisha" amesamehewa vyote viwili. Kitenzi "kuendelea" kina uzito wake wa pekee. Hatua iliyokuwepo tayari wakati alama ya 20 inatolewa imeshahesabiwa ndani ya ile 20. Ikiwa mafunzo yamekuwa yakitolewa miaka yote na alama bado ni 20, kuendelea kuyatoa kutaiacha palepale.

"Kuhakikisha dawa zinapatikana kwa wakati" ni mbaya zaidi, kwa kuwa inasikika kama jibu. Hebu iweke kando ya kihatarishi tulichokiandika upya. Kihatarishi kinasema dawa huenda zisipatikane kwa wakati, na hatua inasema tutahakikisha zinapatikana. Ni sentensi ileile ikiwa imeondolewa ukanushi. Kigezo ninachokipendekeza kwa anayepitia rejista ni chepesi: chukua hatua, ifananishe na kihatarishi, na kama tofauti ni "si" tu, ikatae.

Kisha njoo kwenye namba. Alama hupatikana kwa kuzidisha uwezekano kwa athari, kwa hiyo hatua yoyote inayodai kuishusha lazima iseme inashusha kipi kati ya viwili. Mstari wa nne umeshusha uwezekano kutoka 4 hadi 2 na athari kutoka 5 hadi 2. Tuulize athari kwanza. Katika kipimo cha mamlaka hii athari 5 ni watu wengi kuugua au kufa. Ni hatua gani kati ya zile nne inayofanya mtu aliyekwisha kunywa maji yasiyotibiwa asiumie sana? Hakuna hata moja. Athari imeshushwa kwa kalamu. Na uwezekano je? Mafunzo hayaongezi pipa stoo. Ufuatiliaji hauongezi pipa stoo. Uwezekano nao umeshushwa kwa kalamu, na bodi imeonyeshwa kijani.

Ulinganisho na umeme utaonyesha jinsi hatua ya kweli inavyofanya kazi, na mipaka yake. Tangi la mlimani linabeba mita za ujazo 500, na mji unatumia hadi 50 kwa saa. Tangi likiwa limejaa, umeme unaweza kukatika saa 10 bila mteja kujua. Mamlaka ikinunua jenereta inayokula lita 20 za dizeli kwa saa na ikawa na akiba ya lita 200, inapata saa nyingine 10. Jenereta hiyo haikupunguza hata kidogo uwezekano wa umeme kukatika. Imepunguza athari, na imeipunguza kwa mikatiko isiyozidi saa 20 tu, tena endapo tangi lilikuwa limejaa na dizeli ipo. Hatua iliyoandikwa vizuri ina mpaka wake ndani yake: inafanya hiki, kwa kiasi hiki, hadi hapa. Anayeandika "kununua jenereta" na kushusha safu zote mbili hajajiuliza jenereta ni kitu cha kufanya nini.

Turudi kwenye klorini. Hatua ya kwanza: Meneja wa Ufundi atapandisha kiwango cha kuagiza kutoka mapipa matatu hadi sita, na kila mwaka mapipa sita yatakuwa stoo kabla ya tarehe 1 Machi. Mapipa sita kwa matumizi ya masika ni siku 44, ununuzi ni siku 30, zinabaki siku 14 za ahueni. Hii inashusha uwezekano, na sababu ya kuushusha inaonekana kwa hesabu. Kwa nini yasiwe mapipa 20? Kwa sababu unga wa hipokloriti hupoteza nguvu ukikaa kwenye joto, na stoo ya bati haina ubaridi. Akiba kubwa mno ingezaa kihatarishi kipya cha dawa iliyopo lakini dhaifu. Uwezekano tunaweza kuuweka 2. Athari inabaki 5, kwa kuwa siku dawa ikiisha licha ya yote, watu watakunywa maji yaleyale. Alama mpya ni 10, si 4. Rangi ni ya njano.

Tukitaka kuigusa athari, tunahitaji kitu kinachojua kwamba klorini imeshuka na kuyazuia maji kabla hayajafika mjini. Kuna mitambo inayopima mabaki ya klorini mfululizo na kupiga kengele au kufunga vali ikishuka. Ni ghali kwa mamlaka ndogo, na bodi inaweza kuamua kutoinunua mwaka huu. Huo ni uamuzi halali, mradi uamuliwe mbele ya namba 10. Ukifichwa nyuma ya namba 4, bodi haijaamua chochote, kwa sababu haikuambiwa kuna la kuamua.

Kwa nini nashikilia jambo hili? Kwa sababu kuna mji ambao kipimo cha klorini kilikuwepo kwenye karatasi peke yake. Walkerton ni mji mdogo wa jimbo la Ontario, Kanada. Mei 2000 mvua kubwa ilisomba vimelea vya kinyesi cha ng'ombe hadi kwenye kisima chake namba 5. Watu 7 walikufa na zaidi ya 2,000 waliugua. Tume iliyoongozwa na Jaji Dennis O'Connor ilibaini kwamba waendeshaji wa mitambo walikuwa na wajibu wa kupima mabaki ya klorini kila siku, na karatasi za kila siku zilijazwa, lakini namba zilizoandikwa hazikuwa za vipimo halisi. Tume ilisema pia kwamba mitambo ya kupima klorini na tope mfululizo ingeuzuia mlipuko ule.

Sasa fikiria rejista ya mji kama huo. Safu ya udhibiti uliopo ingesema: mabaki ya klorini hupimwa kila siku na kurekodiwa. Ni sentensi nzuri. Ina kitendo, ina muda, ina ushahidi wa maandishi. Ingeupita mtihani wa lugha nilioutumia hadi hapa. Kwa hiyo nikiri kwamba usomaji wa maandishi una ukomo. Unaweza kukuonyesha hatua isiyoweza kushusha kitu hata ikitekelezwa. Hauwezi kukuonyesha hatua inayoweza kushusha lakini haitekelezwi. Kwa hatua hiyo ya pili lazima utazame alama za kazi. Karatasi ya vipimo yenye 0.5 kila siku kwa miezi mitatu, kiangazi na masika, haijaandikwa na mtu anayepima, maana maji ya mto hayatulii hivyo. Namba halisi hupanda na kushuka. Leja ya unga nayo inatoa ushahidi: kama vipimo vinasema dawa iliwekwa kila siku, mapipa lazima yawe yamepungua kwa kiasi hichohicho. Vitabu viwili vinavyoshikwa na watu wawili tofauti ni vigumu kuvidanganyisha kwa pamoja.

Kuhusu kule kuzidisha uwezekano kwa athari sitasema mengi. Uwezekano 1 na athari 5 vinatoa alama 5 sawa na uwezekano 5 na athari 1, ingawa la kwanza ni msiba wa nadra na la pili ni kero ya kila wiki. Anayepanga rejista kwa zao hilo peke yake atayaweka mambo mawili yasiyofanana bega kwa bega. Dawa yake ni kuacha safu zote mbili zionekane na kuzisoma kila moja kivyake.

Imebaki safu ya muda, yenye neno "endelevu" mahali pa tarehe. Kazi nyingine hakika hazina mwisho, lakini hata kupima klorini kila siku kuna tarehe ya kuanza na tarehe ya kukaguliwa tena. Hatua isiyo na tarehe haiwezi kuchelewa. Na isiyoweza kuchelewa haimfikii mkurugenzi katika taarifa ya robo mwaka, kwa sababu taarifa hiyo hukusanya zilizochelewa.

Mstari wa nne, kama ulivyo, haufai kupitishwa. Ugawanywe mara tatu. Cha klorini kipewe Meneja wa Ufundi, mapipa sita, tarehe 1 Machi na alama 10. Vile vya tope na vya msukumo wa mabomba virudishwe kwa walioviandika wakaeleze chanzo kabla ya kutaja hatua. Ukipewa rejista ya ofisi yako kuipitia wiki hii, chagua mstari mmoja tu uliotoka nyekundu ukawa kijani, muulize mmiliki wake ni kitu gani kilichobadilika stoo, kwenye mtambo au kwenye ratiba, na umwombe akupeleke ukakione.